Sweta za shule, Tabora

Sweta za shule ni vazi la sufu au akriliki linalofumwa nyumbani kwa sindano mbili au kwa mashine, na kuuzwa kwa wazazi. Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai huwa za baridi. Hata hivyo wateja wengi huja Januari shule zinapofunguliwa, hivyo mama anayefuma huanza kazi miezi kadhaa kabla.

Kipimo huanza na kipande cha majaribio. Kikitoa vitanzi 22 kwa sentimita 10, mtoto mwenye kifua cha sentimita 70 huongezewa 6 za nafasi. Kila upande ukawa sentimita 38, yaani vitanzi 84, pamoja na 2 vya kuunganishia. Kosa linaloumiza zaidi ni shingo kubana: sweta nzuri hurudishwa kwa sababu kichwa hakipiti. Vilevile uzi wote ununuliwe mara moja, wenye namba moja ya rangi, la sivyo mikono hutofautiana na kifua ikianikwa juani.