Nubu na Mjinga: Maneno Mawili Yaliyopishana Njiani

Katika chumba kimoja cha mbao na mabati, nyuma ya maduka ya Mudzipela hapa Bunia, ambamo vijana hukaa bega kwa bega juu ya mabenchi, kila mmoja ameinamia simu yake, na nyaya za kuchajia zimetapakaa kutoka betri moja ya sola, nilimsikia juzi mtoto wa kiasi cha miaka 12 akiwaambia wakubwa wake, pasipo haya wala unyonge: "Bayaya, mimi niko nubu, munifundishe." Hakuna aliyecheka. Mmoja alisogea, akampisha, akamwonyesha mahali pa kuweka kidole gumba ili shabaha isiyumbe. Haukupita muda mrefu, kijana wa benchi la pili, aliyekuwa amepigwa risasi na adui asiyemwona, yumkini yuko Kampala au Abidjan, akaruka akapiga kelele, "Nubu huyo!", na safari hii neno lilitoka likiwa na miiba yake yote.

Neno ni moja, chumba ni kimoja, na saa ni ile ile. Nalo kwa asili lilikuwa tusi tupu, wala si tusi dogo. Jinsi lilivyopoa hata likawa jina ambalo mtoto hujivika mwenyewe ni habari inayostahili kusimuliwa kwa taratibu, khasa hapa kwetu Ituri, kwa kuwa lugha yetu wenyewe imebeba neno lililosafiri njia ile ile kwa kuelekea upande wa pili.

Neno hilo ni mjinga. Leo mjinga ni mpumbavu, na mwenye kuambiwa hivyo mbele za watu ana haki ya kukasirika. Lakini katika pwani ya Waswahili ya karne ya 19 lilikuwa kwanza ni jina la mgeni asiyejua mambo. Watumwa walipangwa kwa madaraja, na madaraja hayo yalikuwa na majina: wazalia ndio waliozaliwa pwani, wakulia ndio walioletwa wangali wadogo wakakulia huko, na wajinga ndio waliofika jana, wasiojua lugha, wala dini, wala adabu za mji. Mjinga hakuwa mtu aliyekosa akili, bali mtu aliyekosa kuzoea. Walakini mji haumwachi mgeni bila kumdharau, na dharau ile ikaganda juu ya neno, ikabaki hapo hata baada ya ugeni wenyewe kusahauliwa. Nao wachukuzi na askari wa misafara, walioingia katika msitu wa Ituri katika miaka ya 1880 wakifuata pembe za ndovu za akina Tippu Tip, walijiita waungwana, wengi wao wakiwa wenyewe wazawa wa bara na watoto wa wajinga wa jana. Na kwa jina lao lugha yetu ikaitwa Kingwana. Yaani Kiswahili tunachonunulia muhogo sokoni kiliitwa kwa jina la watu waliojitahidi sana wasiitwe nubu.

Tugeukie sasa neno la kigeni. Mzazi wake ni newbie, ambalo aghalabu husemwa kwamba limetoka katika misemo ya shule na jeshi ya Waingereza kwa maana ya mvulana mpya. Lililo dhahiri zaidi ni kwamba askari wa Marekani walilitumia katika vita vya Vietnam kumwita mwenzao aliyeshuka karibuni kutoka kwenye ndege. Hawakumdharau bure. Askari mpya hukanyaga pasipokanyagwa, huwasha sigara usiku, na kosa lake huwaua walio karibu naye. Hapa ndipo penye mzizi wa tusi: mgeni huchukiwa zaidi pale ambapo ujinga wake hulipiwa na wengine.

Kutoka jeshini neno likaingia katika kompyuta. Katika miaka ya 1980 lilikuwa likitumika katika Usenet, ile mitandao ya mazungumzo ya watu wa vyuo vikuu, ambamo kila mwezi wa Septemba walifika wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wakavuruga mambo wiki chache, wakakaripiwa, wakazoea. Mwaka 1993 na 1994 makampuni ya intaneti yakawafungulia mlango watu wa kawaida, na wageni wakawa wanafika kila siku kwa maelfu, hata wenyeji wakakipachika kipindi hicho jina la Septemba isiyokwisha. Mtu mwenye mgeni mmoja kwa mwaka huweza kumfundisha. Mwenye wageni elfu kwa siku huwatukana. Neno nalo likafupishwa, kwa kuwa tusi refu halifai kuandikwa haraka: kutoka newbie likawa newb, kisha noob, na wale waliopenda kuandika kwa tarakimu kama wadukuzi wakaliandika n00b, kwa sifuri mbili katikati. Wajuzi wa wakati huo walitofautisha: newb ni mgeni asiye na hatia, atajifunza, noob ni yule aliyekaa muda mrefu, asijifunze, na asitake kufunzwa. Tofauti hiyo ilikuwa nzuri, lakini haikudumu, maana katika matamshi maneno hayo mawili yanakaribiana kama pacha.

Mchezo uliolinoa neno, kwa maoni yangu, ni Counter-Strike, uliotungwa na Minh Le na Jess Cliffe na kutolewa kwanza mwaka 1999. Mwenye kutaka kufahamu ghadhabu ya neno na autazame mpango wake. Timu mbili hupambana, katika mashindano huwa watu 5 kwa 5, na anayeuawa harudi hadi duru iishe. Hukaa kando akitazama mchezo kwa macho ya wenzake waliobaki hai. Basi fikiri wanne wamekufa, na aliyebaki ni mgeni aliyeingia jana. Wanne wale, wasio na kazi nyingine duniani kwa dakika hiyo, wanatazama mkono wake ukitetemeka, wanamwona akikimbia pale panapotakiwa kunyata, akijaza risasi pale panapotakiwa kufyatua, naye akaanguka, na duru ikapotea. Hawajuani, hawataonana, na mbele ya vidole vyao kuna kibodi. Herufi nne zinatosha.

Lakini tusi likitumiwa sana huchakaa, na hili lilichakaa kwa njia ya kuchekesha. Lilianza kuelekezwa kwa washindi. Katika Call of Duty 4, uliotoka mwaka 2007, kulikuwa na kirusha bomba kinachofungwa chini ya bunduki, ambacho hakikuhitaji shabaha ya kupima, na wachezaji wakakiita mrija wa nubu. Anayekuua kwa silaha rahisi ndiye nubu, ijapokuwa yeye yu hai nawe umekufa. Hapo neno halikueleza tena ujinga wa mtu, bali maumivu ya msemaji. Tusi linaloweza kumpata mshinde na mshindi kwa pamoja limekwisha kupoteza nusu ya uzito wake.

Nusu ya pili iliondolewa na hesabu. Profesa Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria aliyeishi Marekani, alibuni njia ya kupima uwezo wa wachezaji wa sataranji kwa pointi, ambayo shirikisho la dunia la mchezo huo liliikubali mwaka 1970: ukimshinda aliyekuzidi sana unapata pointi nyingi, ukimshinda dhaifu unapata chache, na tofauti ya pointi 400 maana yake ni kwamba mkubwa hutazamiwa kupata alama 10 kwa kila 1 ya mdogo. Watengenezaji wa michezo ya kompyuta wakaichukua njia hiyo au jamaa zake, wakaacha mashine iwapange watu. Matokeo yake ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Mgeni sasa hutupwa katika wageni wenziwe, na katika michezo mingi ya simu duru zake za kwanza hujazwa wachezaji wa bandia ili asikate tamaa. Hamgharimu bingwa kitu, kwa hiyo bingwa hana sababu ya kumchukia. Na pahali ambapo kila mtu ni nubu, kuitwa nubu ni kama kuitwa abiria ndani ya basi.

Watoto wakamalizia kazi. Katika Roblox, mchezo uliofunguliwa mwaka 2006, sanamu aliyopewa mchezaji mpya ilikuwa na kichwa cha manjano, kiwiliwili cha buluu na miguu ya kijani, nayo ikajulikana kwa jina la noob. Baadaye wachezaji wa miaka mingi, wenye mavazi ya kila namna, wakaanza kuivaa kwa kusudi, kwa mzaha na kwa mapenzi. Na katika nchi zisemazo Kifaransa, ambako sisi wa Kongo huchota nusu ya maneno yetu ya shule, neno lilipata heshima ya ajabu: mwaka 2008 Fabien Fournier alianza huko Toulon tamthilia ya video kuhusu kikundi cha wachezaji wasioweza kitu, akaiita Noob, na mwaka 2013 watazamaji wakaichangia zaidi ya yuro 680,000 ili itengenezwe filamu. Watu hawatoi fedha kiasi hicho kwa ajili ya tusi.

Tusidhani kwamba meno yote yameng'oka. Katika chumba kile cha Mudzipela nimepata kanuni nyepesi ya kupambanua. Neno likisemwa kabla ya mchezo, au mtu akijisemea mwenyewe, ni ombi la kufundishwa. Likisemwa kwa rafiki aliyeketi karibu ni utani, na rafiki hujibu kwa kiwiko. Likisemwa baada ya kushindwa, kwa mgeni asiyeonekana, khasa pale ambapo anayeshindwa hulipia duru ya wote, ni lile lile la mwaka 1999. Na vijana wenyewe, kwa kuhisi kwamba nubu amekuwa mpole mno, wamekwisha kupata la kukalia kiti chake: wakitaka kuumiza kwelikweli husema "boti", yaani wewe si hata mjinga, wewe ni mchezaji wa bandia, mashine imekuweka hapo kujaza nafasi.

Kabla sijaondoka, yule mtoto wa miaka 12 alinipa simu yake nijaribu. Nilishuka kwa mwavuli juu ya paa la nyumba, nikashangaa mandhari, nikauawa nisijue risasi imetoka wapi. Akaipokea simu kwa mikono miwili, kama watoto wetu wanavyofunzwa, akasema kwa upole, "Pole papa, uko nubu." Nikamwuliza kama angethubutu kuniambia niko mjinga. Akashtuka, akatazama mlangoni kana kwamba mama yake amesimama pale.

"Aa, papa! Hiyo ni matusi."