Bumba la Nyuki Mtini na Nyigu Darini: Namna ya Kuwatofautisha na Nani Awahamishe

Mwananchi anayekuta wadudu wenye miiba ya sumu wamejikusanya kwenye mti wa uani au kwenye ukuta wa nyumba anapaswa kujua kwanza ni wadudu gani, na pili wako katika hali gani. Jambo la pili husahauliwa mara nyingi, ilhali ndilo linaloamua ukubwa wa hatari. Nyuki walewale wanaoweza kuwa watulivu asubuhi wakiwa wamening'inia tawini huwa wakali kupita kiasi wiki kadhaa baadaye, wakiwa wamejenga masega ndani ya ukuta.

Bumba la nyuki hutokea kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kugawanyika: mzinga ukijaa katika msimu wa maua, malkia mzee huondoka na sehemu kubwa ya nyuki vibarua na kuwaachia waliobaki malkia mpya. Ya pili ni kuhama kabisa, tabia iliyo ya kawaida kwa nyuki wa Afrika Mashariki, hasa kiangazi kinapokausha maua na maji, au moto, siafu na usumbufu vinapowafukuza. Kwa vyovyote vile, kundi hutua kwa muda mahali pa wazi na kumzunguka malkia, huku nyuki wachache wapelelezi wakitafuta uwazi unaofaa kwa makazi. Mapumziko hayo huchukua saa chache, pengine siku mbili au tatu.

Katika muda huo nyuki hawana asali, mayai wala mabuu ya kulinda, ndiyo maana huwa wapole. Upole huo una mpaka wake. Kundi lililohama kwa njaa, au lililopigwa mawe na watoto, laweza kushambulia. Hivyo hatua inayofaa ni kuwaweka watu na mifugo mbali, kutowasha moto chini ya mti na kutoa taarifa. Makundi mengi huondoka yenyewe.

Hali hubadilika nyuki wanapoingia ndani ya ukuta, dari, shina lenye tundu au tanki la maji lililoachwa. Dalili ni rahisi kuzitambua. Bumba linalopumzika huonekana lote kwa nje, limeshikana kama shada. Kundi lililokwisha kuhamia huonekana kidogo tu: mstari wa nyuki wanaoingia na kutoka katika tundu moja mchana kutwa, wengine wakiwa na vidonge vya chavua miguuni. Chavua ni chakula cha mabuu; nyuki wanaoibeba kwa wingi huwa wana watoto ndani, na wenye watoto hulinda. Wakichokozwa, maelfu hutoka kwa pamoja na kumfuata mtu mamia ya mita.

Nyigu hutambulika kwa umbo. Mwili wake ni mwembamba, hauna manyoya mengi, kiuno chake ni kama uzi na miguu huning'inia anaporuka. Kiota cha nyigu wa majumbani kimetengenezwa kwa nyuzi za mti zilizotafunwa mfano wa karatasi ya kijivu. Huning'inia kwa kikonyo kimoja chini ya paa au fremu ya dirisha, vishimo vikitazama chini. Hakina asali wala nta. Nyigu mmoja aweza kuuma mara kadhaa kwa kuwa mwiba wake haunasi, tofauti na nyuki anayeuacha mwiba pamoja na kifuko cha sumu kisha akafa.

Nyigu ana sifa ya ukali, naye huistahili mtu anapokigusa kiota chake. Hata hivyo kiota cha aina hiyo kwa kawaida huwa na makumi ya nyigu, si maelfu, na ulinzi wao hauendi mbali. Kwa hesabu ya hatari, nyuki waliojenga ukutani wanapaswa kuogopwa zaidi. Dondora, ambao hujenga vijumba vya udongo ukutani, huishi mmojammoja na ni nadra kumuuma mtu. Wapo pia nyuki wadogo weusi wasiouma, ambao mlango wao ni kijibomba cha nta. Hao hawana sababu ya kuondolewa.

Kazi ya kuhamisha nyuki ni ya mfugaji nyuki mwenye mavazi kamili ya kinga, bomba la moshi na mzinga mtupu. Nchini Tanzania njia ya kumpata ni kupitia afisa mtendaji wa kijiji au mtaa, ambaye huwasiliana na afisa nyuki wa halmashauri. Ofisi za Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) nazo zina wataalamu wa nyuki. Ikiwa watu wanashambuliwa tayari au mtu amenaswa, wa kuitwa ni Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114.

Chukulia bumba lililotua kwenye tawi la mwembe katika uwanja wa shule, kimo cha mita mbili. Wanafunzi huondolewa upande huo. Jioni, jua likikaribia kuzama, mfugaji huweka chini ya tawi mzinga uliopakwa nta ndani, hupuliza moshi kidogo, kisha hulitikisa tawi kwa nguvu mara moja ili bumba liangukie ndani. Hauondoi mzinga papo hapo, husubiri. Nyuki wakisimama mlangoni wakiinua matumbo na kupepea mbawa, malkia yumo, na waliobaki nje watafuata harufu. Wakirudi tawini, malkia amebaki juu na kazi huanza upya. Giza likiingia mlango huzibwa kwa wavu unaopitisha hewa, na mzinga hupelekwa kwenye manzuki.

Kundi la ukutani ni kazi nyingine kabisa. Ukuta au dari hufunguliwa, masega hukatwa moja moja, yenye mabuu hufungwa kwenye viunzi vya mzinga mpya, na yenye asali hutolewa yote. Kumwagia dawa ya kuua wadudu huonekana rahisi, lakini huacha ndani mabuu yanayooza na asali yenye sumu, ambayo hutiririka ukutani na kuita siafu, mende na panya. Harufu ya nta hulialika kundi jingine msimu unaofuata, kwa hiyo tundu lazima lisafishwe na kuzibwa kwa saruji.

Nyigu hawahamishwi kwa njia hiyo, kwa kuwa hakuna mzinga wanaoukubali. Kiota kilicho juu na mbali na mapito kinaweza kuachwa, maana nyigu hula viwavi wa bustanini. Kilicho mlangoni huondolewa usiku na mtaalamu wa kuangamiza wadudu.

Anayeshambuliwa na nyuki akimbie moja kwa moja hadi ndani ya nyumba au gari huku akifunika uso, asipepese mikono wala kujitosa majini. Mwiba uondolewe upesi, hata kwa kukwangua na ukucha, kwani kifuko huendelea kusukuma sumu na harufu yake huwaita wenzake. Aliyevimba uso, anayepumua kwa shida au aliyeumwa mara nyingi apelekwe hospitali mara moja, hata kama anajiona mzima, kwa kuwa sumu nyingi huweza kudhuru figo baada ya saa kadhaa.