Dhamana ya transiti: kwa nini kamio inalala Dar es Salaam

Mfanyabiashara wa Niemba aliyeagiza bidhaa kupitia Dar es Salaam anaweza kuambiwa kwamba muzigo umeshuka bandarini, kamio imepatikana, lakini haiwezi kutoka. Watu hufikiria rushwa mara moja. Wakati mwingine shida ni dhamana imejaa.

Muzigo unaokuja Kongo haulipi ushuru wa Tanzania, maana unapita tu. Lakini TRA, mamlaka ya mapato ya kule, inataka uhakika kwamba hautashushwa na kuuzwa njiani. Ndiyo sababu wakala wa forodha anaweka dhamana: benki au kampuni ya bima inaahidi kulipa kodi yote kama muzigo hautatoka nchini. Kamio inafungwa sili, inaenda Kigoma, na huko muzigo unapakiwa kwenye meli kuvuka ziwa mpaka Kalemie.

Tuseme bidhaa zina thamani ya dola 20 000 na ushuru wake ni 25%. Hiyo ni dola 5 000. TVA ya Tanzania, 18% ya dola 25 000, ni 4 500. Bila ada ndogondogo, kamio moja inashika dola 9 500 za dhamana. Wakala mwenye dhamana ya dola 50 000 anaweza kutoa kamio tano, yaani dola 47 500. Ya sita inangoja, hata kama karatasi zake ni safi kabisa.

Nafasi inarudi forodha ya Kigoma ikithibitisha kwenye mfumo kwamba muzigo umetoka. Kuvuka ziwa bila uthibitisho huo hakutoshi. Na kama muzigo wa kamio moja umegawanywa kwenye meli mbili, dhamana haifungwi yote mpaka sehemu ya mwisho iondoke. Kwa hiyo mwenye muzigo asimuulize wakala tu "kamio iko wapi?" Aulize pia ngapi za zamani hazijafungwa.

Kalemie ni duane yetu sasa, DGDA, na hapo kinachochelewesha zaidi ni karatasi zisizopatana. Fakturi inasema katoni 400, manifesti ya meli inasema 380: muzigo unafunguliwa na kuhesabiwa mbele ya deklaranti. Kama zile 20 zimebaki Kigoma, ni lazima karatasi ioneshe hivyo.

Kuna pia FERI, fishi ya OGEFREM. Hiyo huombwa mapema, muzigo ukiwa bado kule unakotoka. Anayekumbuka akiwa amefika bandarini hulipa faini, na siku za kuifuata ni siku za magazini, ambazo nazo zinalipiwa. Namba ya FERI iwe mkononi kabla ya kulipa nauli ya meli.