Mpasuko na muungano wa viini vya atomu: jinsi upungufu mdogo wa tungamo unavyozaa nishati kubwa

Bomu lililodondoshwa juu ya mji wa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 lilibeba takriban kilo 64 za urani. Sehemu kubwa ya madini ya urani yaliyotumiwa na mradi wa Marekani uliounda bomu hilo ilichimbwa Shinkolobwe, katika jimbo la Katanga nchini Kongo. Katika kilo hizo 64, ni chini ya kilo moja tu iliyopasuka kweli. Na tungamo lililogeuka nishati, likauteketeza mji, halikufika gramu moja.

Njia iliyotumika huitwa mpasuko wa nyuklia: kiini kizito cha atomu hugawanyika na kuwa viini viwili vyepesi zaidi. Ipo pia njia iliyo kinyume chake, muungano wa nyuklia, ambapo viini viwili vyepesi hushikana na kuwa kimoja. Hiyo ndiyo inayoliwakisha Jua. Mtu ana haki ya kushangaa hapa: iwapo kupasua kunatoa nishati, vipi kuunganisha nako kutoe nishati?

Jibu limo katika mizani. Tungamo ni kiasi cha maada kilichomo ndani ya kitu. Kiini cha heli kina protoni mbili na nyutroni mbili. Chembe hizo nne zikipimwa kila moja peke yake, kisha hesabu ikajumlishwa, jumla huwa kubwa kuliko tungamo la kiini chenyewe kwa karibu asilimia 0.75. Tofauti hiyo ndiyo iitwayo upungufu wa tungamo. Hakuna chembe iliyopotea. Bado ni nne. Kilichotoka ni nishati iliyoachiliwa pale chembe zilipovutana na kushikamana, nayo iliondoka na tungamo lake. Ni sawa na jiwe lililotumbukia kisimani: limekwisha kutoa kishindo chake, na anayetaka kulirudisha juu lazima atumie nguvu ileile kulivuta.

Kadiri chembe zinavyoshikamana kwa nguvu, ndivyo tungamo la kila chembe, kwa wastani, linavyopungua. Katika hidrojeni ya kawaida, ambayo kiini chake ni protoni moja isiyoshikana na nyingine, tungamo hilo liko juu kabisa. Linashuka kwa kasi kuelekea heli, linaendelea kushuka taratibu hadi kwenye chuma na metali zilizo jirani nacho, kisha linaanza kupanda polepole hadi kwenye urani. Chuma kiko chini bondeni. Kwa hiyo anayetoka upande wa hidrojeni hushuka kwa kuunganisha, na anayetoka upande wa urani hushuka kwa kupasua. Wote wawili wanaelekea bonde moja. Ndiyo sababu hakuna awezaye kuunganisha viini na kisha kuvipasua vilevile akapata faida mara mbili.

Hesabu ya mpasuko ilifanywa kwa mara ya kwanza mwishoni mwa mwaka 1938. Huko Berlin, Otto Hahn na Fritz Strassmann waliipiga urani kwa nyutroni, wakakuta bariamu, elementi ambayo kiini chake kina zaidi kidogo ya nusu ya tungamo la urani. Lise Meitner, aliyekuwa amekimbilia Sweden kuepuka utawala wa Wanazi, alilitafakari jambo hilo pamoja na mpwa wake, Otto Frisch. Waliona kwamba vipande viwili vya urani, vyote vikiwa na chaji chanya, vingesukumana kwa nguvu kubwa mno. Meitner akakokotoa tofauti ya tungamo: takriban moja ya tano ya tungamo la protoni moja. Nishati ya msukumano na nishati ya upungufu huo zililingana.

Mfano mmoja unaonyesha jambo hilo. Urani 235 humeza nyutroni moja, na zote pamoja huwa na chembe 236. Kiini hicho kinaweza kupasuka na kutoa bariamu 141, kriptoni 92 na nyutroni tatu. Jumla ni 236 tena. Lakini katika kipimo cha atomu, ambacho kizio chake kimoja kinakaribiana na tungamo la protoni, mwanzo ulikuwa 236.053 na mwisho ni 235.867. Kimetoweka kizio 0.186. Nyutroni tatu zilizotoka zinaweza kupasua viini vingine, na hapo ndipo mnyororo unapoanza.

Kwa upande wa muungano, mchanganyiko unaofanyiwa majaribio zaidi ni wa deuteri na triti, aina mbili nzito za hidrojeni. Tungamo lao pamoja ni 5.0302, baada ya kuungana hutoka heli na nyutroni moja, zenye jumla ya 5.0113. Kimetoweka kizio 0.0189 tu, mara kumi pungufu ya kile cha urani. Hata hivyo chembe zilizoshiriki ni tano, si 236. Kwa kilo moja ya fueli, muungano huo hutoa nishati mara nne hivi ya ile ya mpasuko.

Mara nyingi huelezwa kwamba nishati ni kubwa kwa sababu fomula ya Einstein, E = mc², huzidisha tungamo kwa kasi ya mwanga mara mbili. Ni kweli kwamba gramu moja ikigeuka yote hutoa kilowati-saa milioni 25, zile ziitwazo uniti kwenye mita ya umeme. Lakini fomula hiyohiyo hutawala hata jiko la mkaa. Kilo moja ya kaboni ikiungua hadi kwisha, tungamo hupungua kwa chini ya nusu ya sehemu moja ya milioni ya gramu, kiasi ambacho hakuna mizani ya dukani itakayokihisi. Tofauti ya kweli ni uimara wa kifungo. Moto hupanga upya elektroni za nje tu, zinazoshikiliwa kwa ulegevu. Ndani ya kiini, protoni zimesongamana katika nafasi ndogo kuliko atomu kwa makumi ya maelfu ya mara, na nguvu ya nyuklia inayozibana ni kali kuliko msukumano wao. Mpasuko wa kiini kimoja cha urani hutoa nishati mara milioni 50 hivi ya ile itolewayo na atomu moja ya kaboni ikiungua.

Mpasuko ni rahisi kuuanzisha, kwani nyutroni haina chaji na huingia kiinini bila kusukumwa. Viini viwili vya hidrojeni, kinyume chake, hufukuzana, na ili kuvikaribisha mitamboni huhitajika joto la zaidi ya nyuzi milioni 100. Mwezi Desemba 2022, maabara moja huko California ilielekeza megajuli 2.05 za mwanga wa leza kwenye kidonge cha fueli, na muungano ukarudisha 3.15. Leza zenyewe, hata hivyo, zilikuwa zimekula takriban megajuli 300 za umeme.

Tatizo la mpasuko huja baadaye. Vipande vyake ni vyenye mnururisho na huendelea kutoa joto hata mnyororo ukishakatika. Huko Fukushima, Machi 2011, mitambo iliyokuwa ikifanya kazi ilijizima mara tu tetemeko lilipotokea. Tsunami ndiyo iliyokata umeme wa pampu za kupozea, na joto la vipande hivyo likayeyusha fueli ya mitambo mitatu iliyokwisha kuzimwa.