Apu za wachumba hunasaje meseji za matapeli?

"Mambo mrembo, huku siingii sana. Nicheki WhatsApp, sifuri saba tano..."

Meseji hii haina tusi wala neno "pesa". Mfumo unaotafuta maneno mabaya tu utaipitisha. Ndiyo maana apu za kutafuta wachumba huangalia pia tabia ya mtumaji.

Meseji taka

Hizi hunaswa kwa kuhesabu. Mfumo huondoa emoji, nukta na nafasi, hugeuza "sifuri saba" kuwa 07, kisha hulinganisha meseji. Tangazo moja likienda kwa watu 40 ndani ya dakika 10, hilo si penzi, ni biashara.

Unyanyasaji

Hapa maneno hayatoshi, kwa sababu neno moja kwa wawili waliozoeana ni utani na kwa mgeni ni tusi. Mfumo huangalia mpokeaji: je, amekaa kimya huku mwenzake akiendelea kutuma? Tinder humuuliza mtumaji kama ana uhakika kabla ya kutuma maneno makali, na humuuliza mpokeaji kama ujumbe umemkera.

Utapeli

Tapeli hujulikana kwa mfuatano wa mambo, na kila jambo hupewa alama. Chukua mfano wa meseji yetu ya juu. Akaunti ina siku mbili: alama 2. Namba imetolewa kwenye meseji ya tatu tu: alama 3. Namba hiyohiyo imetumwa kwa watu 12: alama 4. Jumla ni 9, na kama kikomo ni 6, meseji inashikiliwa.

Wawili waliochati wiki mbili wakipeana namba hawapati alama hata moja.

Kwa nini asifungiwe papo hapo?

Piga hesabu. Tuseme kati ya meseji 10,000, za utapeli ni 20. Mfumo unanasa 18, lakini unakosea kwenye asilimia 1 tu ya meseji safi. Hizo ni karibu 100. Kwa hiyo katika meseji kama 118 zilizowekewa alama, zaidi ya 80 kati ya kila 100 ni za watu wasio na kosa.

Ndiyo maana alama ndogo huleta onyo tu kwa mpokeaji, na alama kubwa hupeleka mazungumzo kwa mkaguzi ambaye ni binadamu.

Mfumo unapoishia

Mkishahamia WhatsApp, apu haioni tena kitu. Na tapeli akishapata anachotaka, huvunja urafiki kwenye apu ili mazungumzo yapotee upande wako. Mfumo mzuri huyahifadhi kwa muda, ukaguzi uwezekane hata baada ya hapo.

Wewe ukiombwa hela ya nauli au ya hospitali na mtu hujawahi kumwona, piga picha ya skrini kwanza, ripoti ndani ya apu, kisha ndipo umzuie.