Mnyama ndani ya gari: dhima hubaki kwa dereva

Dereva anayesababisha ajali kwa kuwa mbwa, paka au kuku aliyembeba amemrukia hawezi kujivua dhima kwa kumsingizia mnyama. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inamtaka kila dereva kuendesha kwa uangalifu unaostahili na kuwajali watumiaji wengine wa barabara. Wajibu huo huanza kabla gari halijaondoka, pale mnyama anapopakiwa.

Chukulia dereva anayepita eneo la makazi kwa kilomita 50 kwa saa, mwendo unaoruhusiwa, huku mbwa wa kilo 15 akiwa huru kwenye kiti cha mbele. Lori linapiga honi, mbwa anarukia usukani, na dereva anamsukuma kwa sekunde mbili. Katika muda huo gari limekwenda takriban meta 28 bila mtu kutazama njia, na linagonga bodaboda iliyoegeshwa na kumjeruhi mwendeshaji wake. Dereva anaweza kushtakiwa kwa kuendesha bila uangalifu, na majeruhi anaweza kumdai fidia. Utetezi kwamba mbwa huyo ni mtulivu siku zote hauna uzito mkubwa, kwa kuwa mnyama kushtuka ni jambo la kutarajiwa.

Bima ya mtu wa tatu, ambayo ni ya lazima kwa mujibu wa Sura ya 169, inahusu madai ya majeruhi huyo. Matengenezo ya gari la dereva na matibabu ya mbwa wake hayamo.

Mbwa afungwe mkanda wa kifuani uliounganishwa na mkanda wa kiti cha nyuma. Kamba isishikizwe kwenye ukosi wa shingoni, kwani breki ya ghafla itamkaba. Kiti cha mbele chenye mfuko wa hewa hakimfai, hata akiwa amefungwa. Paka awekwe katika kizimba kilichobanwa sakafuni nyuma ya kiti cha mbele. Kuku wawe ndani ya tenga lililofungwa kifuniko. Kuku mmoja akichomoka na kujibanza chini ya pedali ya breki, dereva hana tena breki ya kutegemea. Kumpakata mnyama si kumfunga: gari likigonga kitu kwa kilomita 50 kwa saa, mnyama hurushwa kwa kasi sawa na ya kitu kilichoanguka kutoka urefu wa meta 10, na hakuna mikono inayoweza kumzuia.

Mbuzi anayebebwa kwenye pikapu afungwe kamba fupi isiyomfikisha ukingoni. Kamba ndefu humwezesha kuruka nje akabaki ananing'inia. Kumsafirisha katika hali ya kumtesa kunaweza pia kumfungulia msafirishaji shauri chini ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, hata kama ajali haikutokea.