Umeme wa kukatikakatika: jinsi ya kuilinda laptopu yako

Umeme unapokatika, laptopu yenye betri nzima haidhuriki. Inahamia kwenye betri yake na kazi inaendelea. Hatari kubwa ipo pale umeme unaporudi. Mafriji, pampu na mashine za kusaga za mtaa mzima huwaka kwa pamoja, na volti huyumba kabla ya kutulia. Hapo ndipo chaja huungua, na mara nyingine huondoka na ubao wa ndani wa laptopu.

Kwa hiyo kinga ya kwanza haina bei. Umeme ukikatika, chomoa chaja ukutani. Ukirudi, subiri kama dakika tano, uone taa za nyumba zimetulia, ndipo uchomeke tena.

Sasa geuza chaja usome maandishi yake madogo. Chaja nyingi zimeandikwa INPUT: 100-240V. Maana yake umeme ukiwa hafifu, hata taa zikififia, chaja bado inaweza kufanya kazi. Kinachoiua ni umeme uliozidi. Kwa kawaida nyumbani tunapata volti 230 hivi, lakini waya wa nyutro ukikatika kwenye laini, baadhi ya nyumba zinaweza kupata volti zinazokaribia 400. Utaona balbu zinang'aa kupita kiasi, au chumba kimoja kinawaka sana na jirani yako yuko gizani. Usisubiri: zima swichi kuu, kisha toa taarifa.

Madukani utaonyeshwa ekstensheni yenye kinga, ambayo wauzaji huiita saji protekta. Ndani yake kuna kipande kinachomeza mruko mkali wa umeme, ule unaodumu chini ya kufumba na kufumbua. Umeme ukizidi kwa dakika nzima, kipande hicho huungua chenyewe. Tena huchakaa kidogo kidogo kila kinapopigwa, huku soketi zikiendelea kutoa umeme kama kawaida. Ndiyo maana tunashauri ununue yenye taa ya pili, iliyoandikwa PROTECTED. Taa hiyo ikizimika, umebaki na ekstensheni tu. Na kinga hii inahitaji waya wa ethi. Kama ukigusa laptopu ya bati ikiwa kwenye chaja unahisi vidole vinawashawasha, mara nyingi ni dalili kwamba soketi haina ethi. Mwite fundi kabla ya kwenda dukani.

Kwa umeme wetu wa kijijini, tukiambiwa tuchague kifaa kimoja, tungechagua gadi, ile ile ya kulinda runinga. Gadi hupima volti. Zikizidi au zikipungua mno, inakata, na umeme ukirudi inasubiri kwanza kabla ya kuruhusu. Ya runinga husubiri kama nusu dakika, ya friji dakika kadhaa. Ya ampea 5 inatosha kabisa kwa laptopu. Ukiwa na vyote viwili, gadi inakaa ukutani, saji protekta inafuata, kisha chaja.

Vipi kuhusu UPS, lile boksi zito lenye betri? Tuchukue duka la steshenari lenye laptopu, ruta ya intaneti na printa ya leza. Mwenye duka ananunua UPS ndogo ya VA 650. Ndani mna betri ya volti 12, ampea-saa 7, yaani wati-saa 84 kwa hesabu. Ukitoa kinachopotea njiani, zinabaki kama 50. Laptopu inayokula wati 30 itapata saa moja na zaidi kidogo, na tayari ilikuwa na betri yake. Ruta inayokula wati 10 inaweza kufika saa tatu. Hapo ndipo UPS inapolipa: iachie ruta. Printa ya leza usiiweke humo kabisa, maana ikipasha moto huvuta mamia ya wati na UPS itazidiwa.

Kama betri ya laptopu imekufa na mashine huzimika papo hapo, bora fedha hiyo ikanunue betri mpya ya laptopu. Betri ya UPS huhitaji saa sita hadi nane kujaa. Mahali ambapo umeme huja saa mbili na kuondoka, haijai kamwe, na inakufa mapema.

Wanaotumia jenereta: iwashe kwanza, iache itulie, ndipo uchomeke chaja. Chomoa kabla mafuta hayajaisha, kwa sababu jenereta inayokaribia kuzimika hutetemesha volti.

Radi ni habari nyingine. Ikipiga karibu, hakuna gadi wala saji protekta itakayoizuia. Ukiona wingu zito linakuja, chomoa chaja mapema pamoja na waya wa intaneti, uendelee na betri.